Nusu Sentensi Niliyoikata

Kufupisha maneno ni kipaji, na mimi ninacho. Katika kanisa letu, mhubiri mgeni alipokuja na Kifaransa chake, mimi ndiye niliyesimama pembeni kumgeuzia Kiswahili. Yeye alisema dakika kumi bila kumeza mate, mimi nikawapa watu dakika mbili, nao wakaitika amina. Mmoja alinishuku. Baada ya ibada akaniuliza mbona maneno ya mhubiri yalikuwa marefu na yangu mafupi. Nikamwambia Kiswahili chetu hakipendi kupoteza wakati, akaondoka akikuna kichwa.

Kwa hiyo daktari aliponiwekea mezani lile bunda la karatasi, sikutishika. Ilikuwa miaka ya vita, na kituo chetu cha afya kilikuwa kando ya barabara itokayo Baraka kwenda Lweba, nyumba ya matofali yenye vyumba vinne na paa lililotobolewa na risasi mahali pawili. Mimi nilikuwa muuguzi mkuu pale. Daktari alikuwa ametoka Bukavu kwa kazi moja tu, majaribio ya dawa za malaria kwa watoto. Nivakini, ile klorokwini tuliyoizoea, ilikuwa imeshindwa. Ulimpa mtoto leo, homa ikashuka, wiki ya pili akarudishwa akiwa moto kuliko mwanzo. Sasa kulikuwa na michanganyiko miwili ya dawa mpya, na ilitakiwa ijulikane upi unatibu vizuri zaidi huku kwetu, kwa watoto wetu.

Lile bunda lilikuwa mpango mzima wa majaribio hayo. Kurasa themanini na kitu, Kifaransa cha madaktari, sentensi nyingine zikianza ukurasa huu na kuishia ule. Kutokana nalo ilitakiwa karatasi moja, mbele na nyuma, ya kumsomea mzazi kabla hajakubali mtoto wake aingie: majaribio ni ya nini, mtoto atafanyiwa nini, ana hatari gani, na kwamba mzazi ana haki ya kumtoa. Kamati ya maadili kule mjini ingeisoma na kuipigia muhuri, na bila muhuri huo hakuna mtoto ambaye angeguswa.

"Mama munganga," daktari akaniambia, "siku tatu zinatosha?"

"Docta, mbili zinatosha. Ya tatu nitafua nguo."

Nilikaa na penseli nyekundu na nyeusi. Nyeusi ya kubakiza, nyekundu ya kukata. Kurasa za hesabu zilikwenda zote, na za jinsi ya kuhifadhi damu kwenye karatasi ya kuchuja zikabaki mstari mmoja: tutamchoma mtoto kidole, tuchukue matone machache. Mpango ulianza kuhesabu siku kwenye sifuri. Nikamuuliza daktari ni mama gani wa huku kwetu Fizi ana siku ya sifuri, akacheka, nikaandika siku ya kwanza. Kuhusu kugawa dawa, Kifaransa kilijaza ukurasa na nusu. Mimi niliandika hivi: "Kuna dawa za aina mbili. Si wewe utakayechagua, wala si sisi. Kila mtoto ana bahasha yake iliyofungwa, na iliyomo ndani ndiyo dawa yake." Hata sasa naona hapo niliandika vizuri.

Kwenye hatari tuligombana. Daktari alitaka niandike kwamba dawa "huvumiliwa vyema". Nikamwambia mtu huvumilia mkwe, si dawa. Niliandika kwamba mtoto anaweza kutapika, kuwashwa, kukosa hamu ya kula, na kwamba dawa yenyewe inaweza kushindwa, homa ikarudi; ikirudi, tutampa kinini. Mwishowe akakubali. Alikuwa mtu mwema, yule daktari, ila aliogopa karatasi kuliko alivyoogopa bunduki.

Nikafika kwenye haki ya kujitoa. Mpango ulisema, kwa Kifaransa, kwamba mzazi anaweza kumtoa mtoto wakati wowote, bila kutoa sababu, na mtoto ataendelea kutibiwa kama kawaida. Na kwamba anaweza kufanya hivyo kwa kumwambia mtu yeyote wa kituo, au kwa kutorudi tu.

Au kwa kutorudi tu. Niliyatazama maneno hayo manne kwa muda mrefu. Ukurasa wangu wa nyuma ulikuwa umejaa mpaka chini, na mistari miwili ya mwisho ilikuwa ya kidole cha mzazi na sahihi ya shahidi. Tena nilijua daktari aliota ndoto mbaya juu ya watoto wanaopotea katikati ya majaribio, kwa sababu wakipotea wengi kazi yote inakuwa bure. Nikajiuliza kuna haja gani ya kumfundisha mtu kupotea. Nikashika penseli nyekundu. Karatasi ikasema: "Unaweza kumtoa mtoto wako siku yoyote, bila kutoa sababu, na tutaendelea kumtibu. Ukitaka kumtoa, utuambie."

Ilikuwa safi, na ilitosha kwenye mistari yake. Nilijipongeza kwa chai.

Na sikuipeleka hivi hivi. Nilikwenda nayo mtoni Mutambala, kwa akina mama waliokuwa wakifua, nikawasomea, kisha nikamwambia kila mmoja anirudishie kwa maneno yake alichosikia. Walinirudishia chote. Mmoja aliniambia bahasha ni kama kura, mwingine akasema kinini ni chungu lakini afadhali. Nilipouliza, "Na ukichoka?" wote walijibu pamoja, "Nakuya nakuambia!" Nikarudi kituoni natembea kifua mbele. Kamati ilisoma, ikapiga muhuri, na katibu wao akaandika pembeni kwamba ilikuwa karatasi iliyo wazi kuliko zote walizopokea mwaka ule. Barua hiyo niliisoma mara nyingi kuliko inavyofaa mtu mzima kukiri.

Majaribio yakaanza. Kwa mzazi asiyejua kusoma, mpango ulitaka shahidi, mtu asiye wa kituo, akae tangu mwanzo wa kusoma mpaka mwisho, aone kwamba hakuna aliyelazimishwa, kisha atie sahihi chini ya kidole cha mzazi. Tulimpata mama shemasi mmoja, mjane mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alijua kusoma, hakuwa akilipwa nasi, na hakuogopa kutuambia turudie pale tuliposoma haraka. Wazazi walimpenda. Mimi nilimwona kama sahihi tu ya kutimiza sharti.

Siku moja akaja mama kijana wa Lweba na mwanawe wa miaka mitatu, wa kiume, ana homa, macho mekundu, lakini si mahututi. Mume wake alikuwa mvuvi na wakati huo alikuwa ng'ambo ya ziwa. Tulipima damu tukakuta vijidudu. Nilimsomea karatasi yote. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akauliza swali moja tu: bahasha ikifunguliwa na dawa isimfae mtoto, itakuwaje? Nikamweleza kinini. Akamtazama mama shemasi, mama shemasi akatikisa kichwa kwamba amesikia, na ndipo akaweka kidole kwenye wino. Mtazamo ule sikuujali. Nilikuwa natafuta kitambaa cha kumfutia kidole.

Dawa ilikuwa ya siku tatu, na mwisho wa juma la nne mtoto angerudi kuchomwa kidole, tuone kama vijidudu vimekwisha. Kila siku mtoto alimezeshwa mbele yetu, kisha akangoja nusu saa tuone kama hatatapika. Akitapika, angepewa tena. Siku ya kwanza yule mtoto alimeza akatutukana. Siku ya pili homa ilikuwa imeshuka, akameza akaomba ndizi. Tulibaki na siku ya tatu.

Mchana wa siku hiyo ya pili, tulipokwisha kumezesha dawa, habari zilishuka kutoka milimani. Watu wa Lubondja walifika barabarani na mizigo, wakasema wenye bunduki wanakuja. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na huku kwetu mara nyingi lilikuwa lipo tayari. Kulipokucha barabara ilijaa magodoro, sufuria, mbuzi, wazee waliobebwa kwenye baiskeli. Watu wengi walikuwa wakienda ufukweni kuvuka ziwa kwenda Ubwari. Sisi tulikuwa tumekifunga kituo tangu jana yake mchana, kwa amri ya wakubwa wa zone ya afya, tukazika dawa kwenye shimo nyuma ya jiko, na alfajiri mimi na daktari tulirudi kuzichukua.

Hapo ndipo jirani wa yule mama alipopita, mwanamke mnene mwenye mkeka kichwani. Aliponiona alisimama.

"Mama munganga, ule mama wa mutoto wa dawa, anaikala kwake. Batu bote tulitoka. Tulimuambia akuye, alikatala."

"Alikataa kwa nini?"

"Anasema aliweka kidole. Anasema hawezi kutoka bila ruhusa."

Nilimuuliza mara mbili kama alikuwa na hakika, akanijibu kwa hasira kwamba yeye hana muda wa kusema uongo na mkeka kichwani, akaenda zake.

Nilimgeukia daktari, nikamwambia lazima tuwafikie wazazi wote ambao watoto wao bado wana dawa, tuwaambie waende popote wapendapo, bila kutuaga, na tuwape dawa iliyobaki mkononi. Walikuwa kumi na mmoja. Daktari alikuwa amepiga magoti shimoni, mikono ina udongo.

"Kuwapa dawa nyumbani si mpango," akasema. "Na kuwaambia kitu ambacho hakiko kwenye karatasi iliyopigwa muhuri, hatuwezi. Hata koma haiguswi bila kamati."

"Kamati iko mjini, na foni ya zone, ile redio yao, imefungwa. Wewe unasikia milio?"

"Nasikia."

"Basi?"

"Mama, miaka miwili nimetafuta dawa hizi. Wakisema tumevunja taratibu, kazi yote itatupwa, na watoto watarudi kwenye nivakini."

Sikumchukia. Alikuwa na hofu, na hofu yake haikuwa ya kijinga. Lakini kuna faida moja ya kuwa mtu aliyelifupisha bunda: ulilikata lote, maana yake ulilisoma lote. Yeye alizijua kurasa za dawa. Mimi nilizijua hata zile za nyuma ambazo hakuna anayezifungua. Nilichukua mpango kutoka kwenye mfuko wake, nikafungua karibu na mwisho, nikamwekea kidole. Pale paliandikwa kwamba hakuna badiliko lolote bila idhini ya kamati, isipokuwa lile linalotakiwa mara moja kumwondolea mshiriki hatari iliyo mbele yake. Hilo lifanywe kwanza, kisha kamati iandikiwe bila kukawia.

Alisoma. Akasoma tena. Kisha akatoka shimoni, akajipangusa magoti.

"Nitaandika hiyo barua mwenyewe," akasema. "Wewe chukua upande wa Lweba, mimi nachukua wa Baraka."

Tukagawana vipimo vya dawa, kila mtoto na namba yake. Nilipanda baiskeli ya kituo nikaenda kinyume cha watu wote. Walinipigia kelele, wengine wakaniita mwenda wazimu. Mimi nilikuwa na hasira, na hasira yangu yote ilikuwa juu ya yule mama. Niliwaza: nilimsomea neno kwa neno, nikamwambia siku yoyote, bila sababu. Amesikia nini, Mungu wangu? Nilikuwa nimetayarisha hotuba njiani.

Nilimkuta ameketi kwenye kizingiti cha mlango, mtoto amelala mapajani, mzigo umefungwa kando yake tayari. Mtaa mzima ulikuwa kimya, kuku tu.

"Mama," nikasema bila hata salamu, "karatasi ilisema unaweza kutoka siku yoyote. Nilikusomea mimi mwenyewe!"

Aliinua macho. Hakuwa na woga wala aibu, alikuwa amechoka tu.

"Ndiyo, nilisikia. Mulisema nikitaka kutoka, niwaambie. Jana nilikuya kuwaambia. Mulikuwa mulifunga."

Akaendelea polepole, akinifafanulia kama mtu anavyomfafanulia mgeni.

"Nikaenda kwa mama shemasi. Ni ye alisimama mbele yangu wakati niliweka kidole. Kwetu, neno yenye ulisema mbele ya muntu, unaifungulaka mbele yake. Haiwezi kufunguka hivi hivi, mi peke yangu, kama mwizi. Lakini ye alishavuka ziwa. Sasa niko nangoja. Ni weye ama ye, moja atarudi."

Hotuba yangu yote ilikufa. Mimi ni mtu wa kwao. Mama yangu aliposuluhishwa na dada yake juu ya shamba, walisubiri msimu mzima mpaka shahidi wa neno la kwanza aliporudi kutoka Kalemie, ndipo wakalifungua. Najua jambo hilo tangu utotoni. Na bado nilimleta shahidi, nikamketisha kwenye kiti, nikamwona kama sahihi. Kisha nikaandika "utuambie", nikafunga kituo, nikaenda.

Niliketi chini, mchangani, mbele yake. Nilihisi aibu mpaka masikioni.

"Dada yangu, kosa si lako. Kuna maneno yalikuwa kwenye ile karatasi kubwa, mimi niliyakata."

"Maneno gani?"

Nikamgeuzia Kifaransa chote jinsi kilivyoandikwa, bila kupunguza hata neno. Kwamba anaweza kumtoa mtoto wake wakati wowote, bila kutoa sababu, na mtoto ataendelea kutibiwa. Na kwamba anaweza kufanya hivyo kwa kumwambia mtu yeyote wa kituo, au kwa kutorudi tu. Nikamwambia maana yake ni kwamba tangu siku ile ya wino, hata kama asingekuja tena, hakuna mtu duniani ambaye angeweza kumdai. Nikamwambia shahidi hakuwekwa kumfunga. Aliwekwa kutuangalia sisi, tusimdanganye.

Milio ilisikika mbali, upande wa milimani, mara tatu.

"Na sababu gani uliyakata?"

Ningeweza kusema nafasi ilikuwa ndogo. Ilikuwa kweli, nusu.

"Niliogopa mutapotea," nikasema. "Na nilipenda karatasi yangu ikuwe mufupi."

Alinitazama sana. Halafu akacheka, kicheko kifupi cha puani, cha mtu anayemsamehe mtoto aliyevunja chungu.

"Basi siye tulibakia juu ya ufupi yako," akasema, akasimama na kumtikisa mwanawe. "Leta dawa."

Mtoto alimeza akiwa nusu usingizini. Kulikuwa na ile nusu saa, na wakati huu sikuitaka kwa ajili ya daftari la mtu yeyote. Angetapika njiani bila dawa nyingine, homa ingemrudia Ubwari, kusiko na muuguzi. Lakini kukaa pale hakukuwezekana. Basi tukangoja huku tukitembea. Nilimpakia mtoto kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mama yake akimshika, mimi nikisukuma, mzigo kichwani kwangu, na kila hatua chache namgeukia mtoto: "Tumbo iko namna gani?" Akajibu kila mara kwa sauti ya mzee aliyechokozwa: "Iko!" Mama yake alianza kutabasamu. Na mimi, katikati ya kelele zile, nilijikuta nina furaha ya ajabu, kwa kuwa nilijua sasa ninachofanya na kwa ajili ya nani.

Ufukweni kulikuwa na mtumbwi wa mwisho wa injini, umejaa. Nilimwambia mwenye mtumbwi kwamba mtoto huyu ni mgonjwa wangu, na akiachwa, siku atakayougua yeye atatafuta muuguzi mwingine. Akapata nafasi. Dawa ilikuwa bado tumboni. Kabla hajapanda, yule mama alinigeukia.

"Kwa hiyo mi nilishatoka?"

"Ulishatoka. Kabisa."

Aliitikia kwa kichwa, akapanda bila kunishukuru, na sikustahili shukrani.

Daktari aliwapata sita kati ya saba wa upande wake. Yule wa saba familia yake ilikuwa imekwisha kuvuka tangu usiku, na baadaye tulisikia ni mzima. Mimi nilimaliza wangu wanne siku ile ile. Barua yake kwa kamati ilikwenda kwa mkono wa padri, na haikuficha kitu. Nami niliandika yangu, nikaeleza ni nini nilichokata na kwa nini. Ilikuwa barua ngumu kuliko zote nilizowahi kuandika, na ndefu, maana sikuthubutu kuifupisha. Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Walikubali tulichofanya, wakataka karatasi ibadilishwe, na wazazi wote waliokuwa ndani wasomewe upya, kila mmoja aamue upya. Nikaiandika tena. Haki ya kujitoa niliitoa ukurasa wa nyuma, nikaiweka juu kabisa, kabla hata ya jina la ugonjwa: "Unaweza kutoka. Si lazima utuambie. Si lazima umwambie shahidi. Usiporudi, umetoka, na ukirudi siku nyingine na mtoto mgonjwa, tutamtibu." Kuipatia nafasi nilikata yale maneno ya bahasha niliyoyapenda, nikayafanya mstari mmoja wa kawaida.

Watu walirudi kidogo kidogo. Asubuhi moja tulikuwa tumefungua kituo tena, mimi na daktari tukiwa mezani, nikamwona yule mama anaingia uani. Mwanawe alikuwa anakimbia mbele yake, anamfukuza bata wetu, miguu imenenepa. Daktari alitazama daftari, akatazama kalenda, akaruka kwenye kiti.

"Juma la nne lake limeisha jana tu!" akaninong'oneza. "Bado tuko ndani ya siku. Tone moja, Mama. Tone moja tu na huyu anahesabiwa, mzima kabisa, tangu mwanzo mpaka mwisho!"

Nakiri nilitamani. Wengi walikuwa wametupotea, na huyu hapa, afya inamwagika, amejileta mwenyewe. Nilitoa sindano ya kidole na kipande cha kioo, nikaviweka kwenye sahani. Nikamkaribisha mama, nikamuuliza habari za Ubwari, za mume, za samaki. Kisha nikamweleza ukweli: kwamba damu ya leo ingetusaidia kujua kama dawa ile ilimtibu sawasawa, kwamba ni kuchomwa kidole mara moja, na kwamba akitaka anaweza kuingia tena kwa hili tu.

Alikitazama kisahani. Alimtazama daktari, mtu mkubwa kutoka mjini, aliyekuwa ameshika kalamu tayari. Kisha akanitazama mimi, moja kwa moja, bila kuinamisha kichwa.

"Hapana," akasema. "Mi nilishatoka. Nilikuya tu kuwasalimia."

Daktari alifungua mdomo. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Nikachukua sahani, nikairudisha kabatini, na nilipokuwa nimewapa mgongo nililia kidogo kwa furaha. Halafu nikamletea mgeni wetu kiti.